Shairi Lililojibiwa Kabla ya Kutumwa

Pale Mwankoko, ng'ambo ya mashine ya kukamua alizeti, kuna benchi la mbao lililoegemezwa jiwe kubwa la kijivu, na mwenye kutaka kujua nani kaachwa, nani kaoa na bei ya mafuta wiki ijayo huenda hapo kabla ya kwenda kokote. Kahawa ni ya Miraji, ambaye watu wanamwita Birika, maana hata akienda msibani analo mkononi. Upande wa jua hukaa Mwalimu Antipasi, mstaafu, jina la kijiweni Mizani, kwa sababu hawezi kusikia mtu akisema sentensi asiipime kwa vidole. Upande wa kivuli ni wa Hezekia, anayeitwa Diwani ingawa amegombea mara mbili na kuambulia kura za ukoo. Katikati hukaa Noel, fundi mwashi, na yeye wamembatiza Timazi, kama kamba ya fundi ya kupimia wima: ukuta wa wenzake wiki moja, wa kwake mwezi, na akishamaliza anaubomoa nusu kwa sababu umepinda unywele. Upepo wa Julai wa Singida huwa haumwachi mtu na kofia yake. Asubuhi ile Noel alipofika saa mbili, hakukuwa na upepo. Jani halikutikisika, na wenzake watatu walikuwa wamekaa kimya, jambo ambalo halijapata kutokea.

—Shikamoo Mwalimu.

—Marahaba, Timazi. Kaa.

—Mbona mmenuna? Kuna msiba?

—Kaa kwanza, alisema Miraji, akammiminia kahawa bila kuulizwa. Noel akaona vikombe vimepangwa vitano, na wao wako wanne. Alitaka kuuliza, akaacha.

—Shairi lako, alianza Mwalimu Antipasi, lile uliloniletea Jumatatu nilipime, umempa mtu mwingine yeyote?

—Hapana. Nimekuletea wewe peke yako. Si ulisema ulipime, kisha Diwani aende nalo Kinampanda Jumamosi?

—Ndivyo. Na mimi nimeliweka ndani ya Biblia, na Biblia nailalia. Mke wangu mwenyewe hajaliona.

—Sasa kuna nini?

Hezekia hakuweza kungoja tena.

—Limejibiwa!

—Nini kimejibiwa?

—Shairi! Birika kafika saa kumi na mbili kuwasha jiko, kakuta karatasi chini ya tofali la mguu wa benchi. Shairi limejibiwa, Timazi, na halijatumwa! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

—Hiyo inahusianaje hapa? aliuliza Miraji.

—Inahusiana. Utaona mbele.

Noel alikunywa kahawa ikamuunguza ulimi. Kuna jambo ambalo wenzake hawakulijua, na ndilo lililomfanya asiulize zaidi. Alikuwa amewaambia kwamba shairi lile amelitunga mwezi huu kumposa Agripina, mwalimu wa chekechea wa Kinampanda, mwanamke ambaye kwa kweli anampenda. Uongo. Lile shairi lilikuwa na miaka. Alilitunga kwa Sara, mkewe, na Sara yuko makaburini mwaka wa tatu huu. Noel alilitoa kwenye daftari lililokuwa kwenye sanduku la nguo za marehemu, akalinakili kwenye karatasi safi, akabadilisha jina. Alijiambia kwamba kitu kizuri hakiozi kwa kutumiwa mara mbili. Hata mlango wa nyumba iliyobomoka huwekwa kwenye nyumba mpya, na yeye ameshaweka mingi.

—Leteni niione, alisema.

—Subiri, alisema Mwalimu. Kwanza tusome la kwako, halafu hilo, ubeti kwa ubeti. Ndivyo mashairi ya kujibizana yanavyosomwa.

Akafungua Biblia, akatoa karatasi ya Noel, akavaa miwani.

—Diwani, wewe huwa unalala nikifundisha, leo usilale. Hili ni tarbia. Kila ubeti mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Kila kipande mizani nane, jumla kumi na sita. Ukwapi una kina chake, utao una chake, na mshororo wa nne ni kibwagizo, unarudi vilevile kila ubeti. Sikilizeni.

Akasoma, na vidole vyake vikawa vinagusa goti kimoja kimoja.

*Naingia uwanjani, sifa zake kuzisema,*
*Si rangi yake usoni, wala mwendo kutazama,*
*Nasifu yalo moyoni, utu wake na huruma,*
*Si sura ninayosifu, bali ni yake tabia.*

—Vina ni *ni* na *ma*, alisema. Hajateleza hata kimoja. Nilimwambia Jumatatu, Timazi, mwanamke akisifiwa macho na shingo, shairi hilo hata jirani yake anaweza kulichukua, maana macho na shingo kila mtu anavyo. Ukisifu tabia umejifunga. Ni kama kiatu kilichokwisha kuvaliwa, kimefuata mguu wa mwenyewe.

Noel alitazama chini. Jumatatu maneno hayo hayakumwingia.

—Sasa hili hapa, alisema Mwalimu, na sauti ikashuka. Akachukua jani la daftari lililokunjwa mara nne, limeandikwa kwa penseli, herufi kubwakubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara.

*Nimesikia pembeni, sifa ulizozisema,*
*Nazijua ni za nani, tangu mwanzo huko nyuma,*
*Nami niko pale ndani, uliponiweka zama,*
*Ndimi uliyenisifu, mwingine wampatia.*

Mashine ya alizeti ng'ambo ya barabara ilikuwa inanguruma kama kawaida yake.

—Mmeona? alisema Mwalimu. *Ni* na *ma*. Vilevile. Anayejibu shairi huwa anafuata vina vya aliyetangulia, ubeti kwa ubeti, ndiyo heshima ya malumbano. Na kibwagizo chake kimeshika *fu* na *a*, kama chako. Mtu hawezi kufuata vina ambavyo hajaviona.

—Basi ni wewe! alisema Hezekia. Umeliona wewe tu. Kesi imekwisha, nyani haoni kundule.

—Mimi? Mzee kama mimi nicheze na ndoa ya mtu? Naapa kwa hiki kitabu nilichokishika.

—Sawa, si wewe. Basi ni simu.

—Simu gani?

—Simu ya Timazi! Siku hizi ukitaja viatu, jioni simu inakuletea viatu. Alipokuwa ananakili alikuwa anasomasoma kwa sauti, simu ikasikia, ikapeleka huko juu, huko juu wakajibu. Maji yakimwagika hayazoleki.

—Na huko juu wakashuka na penseli, alisema Miraji, wakaja kuweka chini ya tofali langu.

—Wana mawakala.

Noel alijaribu kucheka nao. Alikuwa anatazama pembeni mwa lile jani, pale lilipochanwa. Mistari yake ya buluu, na ule mstari mwekundu wa kando uliofifia kwa kulowa maji mwaka ule bati lilipovuja. Daftari hilo alikuwa nalo moja tu. Liko ndani ya sanduku, sanduku lina kufuli, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye mkanda wake, akaupapasa na kuukuta upo.

—Endelea, Mwalimu, alisema.

—Ubeti wa pili wa kwako.

*Kosa langu alificha, akalibeba begani,*
*Palipokuja kukucha, hakunena hadharani,*
*Siri yangu hakuacha, ifike kwa majirani,*
*Si sura ninayosifu, bali ni yake tabia.*

—Hapa ndipo penye sifa kubwa, alisema Mwalimu. Kusitiri. Lakini hukusema ni kosa gani.

—Shairi halitaji kila kitu.

—Kweli. Ila huyu ametaja.

*Ni komeo uliacha, la zizi pale nyumbani,*
*Fisi walikula kucha, mbuzi wa mama yakini,*
*Kwa mama nikakuficha, nikajitia kosani,*
*Ndimi uliyenisifu, mwingine wampatia.*

Kikombe kilimtoka Noel mkononi kikavunjika juu ya jiwe. Wakati huohuo mashine ya alizeti ikazima, ikalia kwa kushuka, ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika. Barabara nzima ikawa kimya, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile wakasikia kwamba hata ndege hawakuwapo.

—Timazi, alisema Miraji taratibu. Komeo gani?

Noel hakuwa na pa kukimbilia. Kijiweni mtu akikuuliza mbele ya kikombe chako kilichovunjika, unajibu.

—Miaka kumi na moja imepita, alisema. Mama mkwe alituletea mbuzi wake watatu tumtunzie, kwake nyasi zilikuwa zimekwisha. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kwenye pombe ya mtama. Sara akaniambia, baba, kafunge zizi. Nikasema ndiyo. Nikalala. Sikuenda.

—Fisi, alisema Hezekia.

—Asubuhi tulikuta kwato na damu. Mama mkwe akaja analia. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, ulimi mzito. Sara akasema, mama, nisamehe, komeo niliacha mimi. Akatukanwa siku nzima. Mama yake alikufa akijua mwanawe ndiye mzembe. Hakuwahi kunikumbusha. Hata tulipogombana, hakuwahi.

—Nani mwingine anajua?

—Mimi na Sara.

—Na Sara...

—Ndiyo. Na Sara.

Mwalimu Antipasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

—Kwa hiyo ubeti huu wa pili si wa Agripina.

Noel alitikisa kichwa. Akawaambia yote: daftari, sanduku, jina alilobadilisha. Aliona aibu kuliko siku ya wale mbuzi, kwa sababu leo hakukuwa na mtu wa kusema ni mimi.

—Ubeti wa mwisho, alisema, ulikuwa unaanza *Sara wangu nimefika*. Nikaweka *Agripina nimefika*.

Mwalimu akahesabu kwa vidole, hakuweza kujizuia.

—Sa, ra, wa, ngu. Nne. A, gri, pi, na. Nne. Ndiyo maana sikugundua. Limeingia pale bila kuacha ufa.

—Fundi ni fundi, alisema Hezekia, lakini hakuwa anatania.

—Mimi niwaambieni, alisema Miraji, akisogeza birika karibu na miguu yake kama mtu anayeogopa lisiibwe. Hilo ni jini. Majini yanapenda mashairi. Babu yangu kule Ikungi alikuwa akighani kaswida, kuna sauti ilikuwa inamwitikia kutoka kwenye jiwe. Siku akikosea, jiwe linacheka. Na sisi tumeegemea jiwe.

Wote wakajitenga na jiwe, mgongo mmoja baada ya mwingine.

—Jini halijui habari za komeo, alisema Mwalimu. Mimi nina mawazo mengine, na msinicheke. Miaka arobaini nimepeleka mashairi magazetini. Nimejifunza kitu. Shairi lililopungua ni maneno tu. Lakini likitimia, kila kipande nane, kila kina mahali pake, lile si maneno tena. Mishororo yote ile, mizani kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita: ni kama mtu anayebisha hodi bila kukosea. Ukibisha hivyo, aliyeko upande wa pili hana budi kusema karibu.

—Upande wa pili wa nini?

—Hapo ndipo sijui.

—Nyie wote mmepotea! Hezekia alisimama. Nani aliona Timazi akiacha komeo? Mmesema Sara na Timazi. Na fisi je? Fisi alikuwepo! Fisi ndiye shahidi. Na hapa kwetu kila mtu anajua fisi wengine wana wenyewe, wanapandwa usiku kama pikipiki. Aliyempanda yule fisi alisikia kila kitu, kakaa nacho miaka kumi na moja, leo katoa ushahidi. Ndiyo maana nilisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!

—Fisi anajua tarbia?

—Fisi aliyekula mbuzi watatu atashindwa mizani nane?

Siku nyingine wangecheka mpaka kahawa iwatoke puani. Kicheko kilianza, kikakosa mtu wa kukipokea.

—Ubeti wa tatu, alisema Noel. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nisomee.

Mwalimu akasoma la Noel kwanza.

*Huniambia ukweli, bila kupiga kelele,*
*Tukiwa ndani wawili, si mbele ya watu wale,*
*Mgeni humkubali, hata iwe njaa tele,*
*Si sura ninayosifu, bali ni yake tabia.*

—Samahani, alisema Hezekia. Hapo ndipo nilikuwa nataka kusema tangu Jumatatu. Mimi ndiye mshenga wako. Agripina namfahamu. Bila kelele? Agripina? Yule alimsimamisha mwenyekiti wa kijiji katikati ya mkutano akamwambia choo cha watoto kimebomoka na wewe unajenga banda la nguruwe! Watu wakapiga makofi. Kicheko chake akiwa Kinampanda unakisikia ukiwa Misigiri. Ningefika pale, nikamsomea baba yake kwamba binti yake husema taratibu chumbani, yule mzee angeniuliza, kijana, umekuja kumposa nani?

—Kwa nini hukusema?

—Nilidhani mapenzi yamekupofusha. Kumbe ulikuwa unamwona mwingine.

Neno hilo lilimchoma Noel, maana lilikuwa kweli. Agripina ni mwema, na wema wake ni wa aina nyingine kabisa: ni wa kusimama mbele za watu na kusema. Hakuna mshororo hata mmoja aliomwandikia. Alitaka kumwoa mwanamke yule na kumvika nguo za maiti, na alikuwa ameona ni jambo la kawaida.

—Jibu lake, alisema Mwalimu.

*Simchukii wa pili, ana zake njema tele,*
*Zitafute kwa akili, uandike kwa upole,*
*Vazi langu la asili, simvishe mtu yule,*
*Ndimi uliyenisifu, mwingine wampatia.*

—Si, m, chu, ki, i, wa, pi, li, alihesabu Mwalimu, kwa mnong'ono. Ile *m* ameihesabu peke yake, kama inavyotakiwa. Wanafunzi wangu wote walikuwa wanaikosea. Timazi, marehemu alikuwa mshairi?

—Aliishia darasa la nne. Alikuwa anasoma jina la dawa na namba za basi.

—Mwandiko je, ni wake?

Noel alilitazama lile jani muda mrefu. Miaka kumi na sita waliishi nyumba moja, na hakuwahi kuandikiwa naye hata neno, wala yeye hakuwahi kumwandikia likamfikia. Hakuujua mwandiko wa mkewe.

—Sijui, alisema.

—Kuna la nne, alisema Mwalimu. Akageuza jani. Nyuma yake kulikuwa na namba nne, na nukta, na chini yake mahali pa mishororo minne pameachwa. Hakuna kitu.

—Karatasi ilimwishia? aliuliza Miraji.

—Nafasi si hii hapa? Shairi halijafungwa. Ubeti wa kufunga haupo. Mtu anayejua kuhesabu *m* hawezi kusahau kufunga. Anangoja.

—Anangoja nini?

Mwalimu aliliweka jani gotini, kando ya karatasi ya Noel. Hezekia naye akakaa chini polepole.

—Mimi nauliza jambo moja, alisema. Jumamosi naenda au siendi? Watu wa Kinampanda wameshachinja kuku kwa mawazo. Nikienda na hili shairi, namdanganya binti wa watu. Nisipokwenda, Timazi, umempoteza. Amua.

Noel hakuweza kuamua. Aliziangalia zile karatasi mbili juu ya goti la Mwalimu, moja ina beti nne, nyingine ina tatu na tupu moja. Alikuwa anaogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya mzimu. Alihofia kwamba akigusa lile jani atalikuta lina joto.

Ndipo mwanamke mmoja akavuka barabara kutoka upande wa mashine, mtu mzima wa miaka kama sitini, kitenge kiunoni kimejaa vumbi la maganda ya alizeti.

—Hodi hapo kwenye kahawa. Hamjambo?

—Hatujambo, mama. Shikamoo, alisema Noel.

—Marahaba, mwanangu. Habari za saa hizi, wazee wenzangu? Naitwa Luciana, nimetoka Misigiri na magunia yangu mawili, kufika tu umeme umekatika. Naona kuna kikombe cha mtu hakina mtu.

Akakaa ncha ya benchi, akachukua kile kikombe cha tano kabla Miraji hajamzuia. Kilikuwa kimejaa. Hakuna aliyekumbuka kukijaza.

—Mbona mmekaa kama mko kwa daktari?

Wakamweleza. Hezekia alianza, Miraji akadakia, Mwalimu akasahihisha, na kwa sababu watatu wote walisema, ilichukua muda. Mama Luciana alisikiliza huku anapuliza kahawa. Hakushangaa kama walivyotaka ashangae. Kwa fisi alitikisa kichwa, kwa simu alitabasamu. Walipofika kwenye ubeti mtupu aliweka kikombe chini.

—Pole kwa kufiwa, mwanangu, alimwambia Noel. Na hilo shairi la kwanza, ulimtungia akiwa hai?

—Ndiyo, mama. Akiwa hai.

—Alifurahi?

Noel alifungua mdomo. Wenzake wakageuka, maana hilo hata mmoja wao hakuwa amelifikiria.

—Hakulisikia, alisema.

—Kwa nini?

—Lilikuwa halijakamilika. Lilipungua mizani moja.

—Ndiyo nini hiyo?

—Ni sauti moja, mama, alisema Mwalimu. Kama *ba*. Kama *ka*.

—Ubeti wa mwisho, alisema Noel, na sasa maneno yakawa yanamtoka yenyewe. Mshororo wa tatu. *Utu wako umeshika*, hapo ni nane. Halafu, *umeota mizizi*. U, me, o, ta, mi, zi, zi. Saba. Miaka miwili nililitafuta. Nilijaribu *umeotesha mizizi*, maana ikapinda. Nikajaribu *umetoa*, bado saba. Sara alikuwa ananiona nakaa na daftari jioni, nagusagusa vidole. Ananiuliza, baba, unahesabu nini? Nasema, tofali. Nilitaka nimsomee likiwa limenyooka. Jumapili kifua kikambana. Jumanne tukazika. Siku ya tatu ya matanga, watu wanakula, ndipo likanijia. *Umeota na mizizi*. Ilikuwa *na* tu.

Mwalimu Antipasi aliufumba mkono wake uliokuwa gotini. Miraji alikuwa anatazama majivu.

—*Na* tu, alirudia mama Luciana.

—*Na* tu.

Akafikiri. Alikuwa anamtazama kwa huruma, na alipouliza hakuwa na nia ya kumuumiza, alitaka kuelewa.

—Na yeye marehemu, mwanangu, alikuwa anahesabu?

Hezekia, mwenye methali ya kila jambo, alitafuta moja akaikosa. Mwalimu wa miaka arobaini wa vina na mizani alitazama karatasi zile mbili kama mtu aliyepewa mtihani wa somo lisilo lake. Mama Luciana akamshukuru Miraji kwa kahawa, akarudi kwenye magunia yake.

Noel alisimama. Akachukua karatasi yake kutoka gotini kwa Mwalimu, akatoa ile penseli ya seremala anayoiweka sikioni, akafuta *Agripina* kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika jina la mwenye shairi, *Sara wangu*. Lile jani la daftari hakuligusa.

—Diwani, Jumamosi uende. Nenda mikono mitupu. Mwambie Agripina nimeanza kumwandikia na sijui hata nianzie wapi, na kwamba nitakuja mwenyewe kumsomea ubeti wa kwanza likiwa bado bovu.

—Nikiulizwa bovu kiasi gani?

—Sema lina makosa.

Akashika njia ya makaburini, juani, saa sita kasoro, karatasi mkononi. Hakuwa amefika hata kwenye kona walipomsikia anaanza kusoma kwa sauti, kama kichaa, mtu mzima barabarani: *Naingia uwanjani*. Miraji aliinua birika amjazie mtu yeyote, lakini lilikuwa limekwisha. Wakamsikiliza, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, sauti inazidi kuwa mbali. Alipofika *Sara wangu nimefika*, Mwalimu Antipasi aliinamisha macho kwenye lile jani lililobaki gotini mwake, akamshika Hezekia mkono kwa nguvu, na wote watatu wakatazama pale chini ya namba nne. Maandishi ya penseli yalikuwa yameanza kuonekana.